Jaribio Lenye Tarehe



Leo nina nakala ya barua mkononi. Ni karatasi moja, imechapwa upande wa mbele tu, na chini kuna sahihi ya kalamu ya bluu. Iliandikwa tarehe 11 Julai 2024 na dada mmoja ambaye ni karani wa ankara katika kampuni inayosambaza sabuni na vifaa vya usafi. Ghala lao liko kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Dada huyu ameniruhusu niisome hewani, mradi nisitaje jina lake wala la kampuni, na hivyo ndivyo nitakavyofanya. Anamwomba mkuu wake wa kitengo amruhusu kuingia kazini mapema na kutoka mapema, kwa kujaribu kwanza, na ndani ya barua ameweka siku za kukaa pamoja na kuangalia jaribio linakwendaje.

Barua hii imenigusa kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuandika ya namna hiyo, nikakosea. Ilikuwa miaka mingi nyuma, kwa mwajiri ambaye sitamtaja. Niliandika mistari minne nikiomba "nijaribu kuingia mapema kidogo kutokana na usafiri." Mkuu wangu aliisoma nikiwa nimesimama mbele yake, akanirudishia, akasema, "Haina shida, we jaribu tu." Nikajaribu. Miezi minne baadaye mkuu yule akahamishiwa tawi lingine, akaja mwingine. Wiki ya kwanza tu mgeni yule akaniona nabeba mkoba saa 10 jioni, akaniuliza nani kaniruhusu. Sikuwa na cha kumwonyesha. Nilipewa barua ya onyo, na kwa upande wake sikuwa na hoja ya kumlaumu, maana katika faili langu saa zangu zilikuwa zilezile za siku niliyoajiriwa.

Kwa hiyo ninapoisoma barua ya dada huyu, jicho langu linakwenda moja kwa moja kwenye tarehe. Watu wengi wanadhani kazi ngumu katika barua ya namna hii ni kueleza shida zako vizuri mpaka mkuu akuonee huruma. Nimekaa na wakuu wa vitengo wengi, na ninachokisikia kwao ni kingine kabisa. Mkuu haogopi sana wewe kuingia saa 1 badala ya saa 2. Anaogopa kwamba akikubali leo hataweza kulirudisha jambo kesho bila kuonekana mbaya. Ukimwambia "naomba kujaribu" bila kusema jaribio linakwisha lini, yeye anasikia ombi la kudumu lililovaa nguo ya jaribio, na kwa mtu makini jibu rahisi hapo ni hapana. Tarehe inamfungulia mlango wa kurudi. Akishauona mlango huo, anaweza kukubali kuingia.

Sasa nieleze mazingira yake kidogo. Dada huyu anaishi Kigamboni. Asubuhi anavuka maji kwa pantoni hadi upande wa Magogoni, kisha anapanda daladala za kuelekea Gongo la Mboto. Mtoto wake yuko darasa la kwanza na anatoka shule saa 10 jioni. Kazi yake ni kuandaa ankara na hati za mzigo, na kutoa risiti kwenye mashine ya EFD. Wenye biashara mnanielewa hapo: mzigo ukiwa barabarani bila risiti hiyo, maofisa wa Mamlaka ya Mapato wakiusimamisha, ni matatizo. Dereva wa lori la Morogoro haondoki bila karatasi. Na karatasi zilikuwa hazitoki mpaka karani afike saa 2, aketi, awashe mashine.

Kabla hajaandika neno hata moja, dada huyu alifanya mambo mawili ambayo wengi tunayaruka.

La kwanza, alikwenda getini. Mlinzi ana daftari la kuandikia kila gari linaloingia na kutoka. Kwa siku 10 za kazi, kuanzia Jumatatu tarehe 24 Juni hadi Ijumaa tarehe 5 Julai, kila jioni alinakili muda ambao lori la kwanza lilitoka. Akamuuliza na msimamizi wa upakiaji muda ambao mzigo ulikuwa umekamilika ndani ya lori. Ilimchukua dakika tano kwa siku. Lakini dakika hizo tano ndizo zilizompa kipimo cha kabla, na bila kipimo cha kabla huwezi kusema chochote cha maana baada ya jaribio. Ungekaa kwenye kikao cha tathmini ukisema mambo yamekuwa mazuri, mwenzako akisema hajaona tofauti, na wote wawili mngekuwa mnakisia tu.

La pili, alizungumza na karani wa malipo, kaka anayekaa meza ya pili. Maana akitoka saa 10, simu za wateja za ile saa moja ya mwisho zitamwangukia mtu. Hakumwandika mwenzake kwenye barua kisha akamwacha aje asome mwenyewe. Alimfuata saa ya chai, akamweleza, na kaka yule akatoa sharti moja: asiachiwe malalamiko ya bei, kwa kuwa si eneo lake. Hayo yataandikwa kwenye daftari na kusubiri asubuhi. Sharti hilo limeingia kwenye barua.

Basi niisome. Kichwa chake kinasema hivi: "Yah: Ombi la kujaribu saa mpya za kuingia na kutoka kazini kwa wiki 12, kuanzia tarehe 5 Agosti hadi tarehe 25 Oktoba 2024." Naomba mkisikilize kichwa hicho tena, maana kina kila kitu. Mkuu wa kitengo akiangalia rundo la barua mezani na kusoma mstari huo mmoja tu, ameshajua kinachoombwa, ameshajua ni jaribio, na ameshajua lini linakwisha. Angeandika "Yah: Maombi ya ruhusa," barua ingechanganyika na za likizo na za misiba.

Inaendelea: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa sasa ninaingia kazini saa 2:00 asubuhi na kutoka saa 11:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, nikiwa na saa moja ya chakula. Naomba, kwa siku za Jumatatu hadi Alhamisi, niingie saa 1:00 asubuhi na kutoka saa 10:00 jioni. Ijumaa nitabaki na saa za sasa kwa ajili ya kufunga hesabu za wiki. Jumla ya saa zangu za kazi itabaki 40 kwa wiki, na mshahara wangu haubadiliki."

Hapo nataka nisimame kidogo kuhusu saa zenyewe. Sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili, lakini mashine ya alama za vidole pale mlangoni inachapa kwa namna nyingine: saa 1 asubuhi kwake ni 07:00. Nimeona barua ambayo mtu ameandika "7:00 hadi 4:00," na ofisa utumishi aliyeipokea, mzee wa zamani, akaisoma kuwa ni saa 7 mchana hadi saa 4 usiku. Dada huyu ameandika kwa Kiswahili, kisha mara moja tu, chini ya sahihi, akaongeza kwamba kwenye mashine ya mahudhurio saa hizo zitaonekana 07:00 na 16:00. Ni mstari mmoja, lakini umeondoa mabishano ya baadaye.

Na kwa nini ametaja saa 40? Kwa sababu mkuu wa kitengo lazima ajiulize kuhusu sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Inataka pia mtu anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apate mapumziko ya angalau dakika 60. Hesabu ya dada huyu imekaa ndani ya mipaka hiyo yote: saa 1 hadi saa 10 ni saa tisa, toa moja ya chakula, zimebaki nane. Hajaomba kuruka chakula ili awahi kutoka, kosa ambalo ni la kawaida sana na ambalo linamlazimisha mwajiri kukataa hata kama angependa kukubali. Wapo wanaoomba kubana wiki nzima iwe siku nne ndefu. Hilo nalo sheria inaliruhusu, hadi saa 12 kwa siku pamoja na muda wa chakula, lakini kwa makubaliano ya maandishi, na bado lile dari la saa 45 kwa wiki lipo. Yeye hakulihitaji, na nadhani alifanya vizuri kuomba kidogo.

Kabla sijaendelea, niwaambie akina mama wanaonyonyesha jambo moja. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama kumnyonyesha mtoto katika saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kama hiyo ndiyo sababu yako, usiiandike kama jaribio la wiki 12. Hiyo ni haki, na barua yake inaandikwa kwa namna nyingine. Hii ya leo ni ombi. Dada huyu alijua kwamba mwajiri wake wa kampuni binafsi halazimiki kubadilisha saa za kazi kwa sababu tu mfanyakazi ameomba, na ameandika kama mtu anayejua hivyo.

Tuendelee. "Sababu ya kikazi ni hii. Kuanzia tarehe 24 Juni hadi tarehe 5 Julai nilinakili kutoka daftari la getini muda ambao lori la kwanza lilitoka. Katika siku hizo 10, lililowahi kabisa lilitoka saa 2:20, na lililochelewa kabisa lilitoka saa 3:05. Siku zote 10 mzigo ulikuwa umekwisha kupakiwa kabla ya saa 1:30. Kilichosubiriwa ni ankara na risiti. Nikianza kazi saa 1:00, karatasi za lori la kwanza zinaweza kuwa tayari ifikapo saa 1:30. Sababu yangu binafsi ni kwamba mtoto wangu anatoka shule saa 10:00 jioni nami ninavuka maji kurudi nyumbani."

Angalieni jinsi mambo ya nyumbani yalivyopewa sentensi moja. Hakuyaficha. Kuficha kungekuwa vibaya, maana kila mtu ofisini anajua ana mtoto, na mkuu angeona anazungushwa. Lakini hakuyaweka mbele, wala hakusimulia foleni ya pantoni ilivyo asubuhi. Mkuu wa kitengo naye anakwenda kulitetea jambo hili ghorofani kwa meneja wake. Huko hawezi kupeleka machozi, ila lori lililosimama saa nzima likiwa limeshapakiwa anaweza kulipeleka.

Sasa tunafika kwenye aya ambayo kwangu ndiyo barua yenyewe. "Naomba tukae kwa nusu saa, saa 4:00 asubuhi, katika siku tatu zifuatazo: Alhamisi tarehe 29 Agosti, Alhamisi tarehe 26 Septemba, na Alhamisi tarehe 17 Oktoba. Tutaangalia mambo matatu tu: muda wa lori la kwanza kutoka, kwa mujibu wa daftari la getini, simu za wateja za baada ya saa 10:00 jioni ambazo hazikupata jibu siku ileile, kwa mujibu wa daftari la simu, na ankara zilizolazimika kurekebishwa. Upande wowote unaweza kusimamisha jaribio kwa taarifa ya maandishi ya siku 5 za kazi. Kama hadi tarehe 25 Oktoba hakutakuwa na uamuzi wa maandishi, nitarudi kwenye saa zangu za zamani Jumatatu tarehe 28 Oktoba."

Hizo tarehe hazikuokotwa. Nilimuuliza alizipataje, akaniambia alianza kwa kufuta. Alichukua kalenda ya ukutani akapiga msalaba kila tarehe 7, siku ya mwisho ya kupeleka kodi ya mishahara, ambapo uhasibu wote unakuwa moto. Akapiga msalaba kila tarehe 20, siku ya ritani ya VAT. Na kwa kuwa mhasibu anataka takwimu za mauzo mezani kwake ifikapo tarehe 15, akafuta na siku tatu zinazoitangulia tarehe hiyo. Akafuta siku ya mwisho ya kila mwezi. Akafuta tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere. Alhamisi alizozichagua zote zimeangukia kwenye siku ambazo mkuu wake yumo ofisini na kichwa chake kimetulia. Hata siku ya kupeleka barua, tarehe 11 Julai, ni siku nne baada ya ile hekaheka ya tarehe 7. Tarehe inayogongana na kazi ya mkuu itaahirishwa, na tathmini ikishaahirishwa mara mbili haipo tena.

Angalieni tena kwamba tathmini ya mwisho iko tarehe 17, na jaribio linakwisha tarehe 25. Kuna siku nane katikati. Watu wengi huweka tathmini siku ileile ya mwisho. Halafu mkuu anasema ngoja niulize juu, na Jumatatu inayofuata mfanyakazi hajui aingie saa ngapi. Siku hizo nane ni za mkuu kwenda juu na kurudi na jibu.

Kuna sentensi moja hapo niliyobishana naye. Ni ile inayosema uamuzi usipotolewa anarudi saa za zamani. Nilimwambia, dada yangu, hapo umejifunga mwenyewe. Mkuu mvivu anaweza kunyamaza tu na jambo likafa. Kwa nini usiandike kwamba ukimya maana yake utaratibu unaendelea? Akanijibu kwa upole: "Kaka, ningeandika hivyo asingesaini." Nimelifikiria sana jibu lake na nakubaliana naye. Ukimya unaoendeleza jambo unamfanya mkuu ajihisi ametegewa mtego. Ukimya unaorudisha jambo unamfanya aone kwamba hakuna anachopoteza kwa kukubali wiki 12. Hatari ya kunyamaziwa ipo, lakini ameipunguza kwa njia nyingine: kila baada ya kikao yeye ndiye anayeandika kumbukumbu, nusu ukurasa, na kuituma kwa barua pepe siku hiyohiyo kwa mkuu na kwa ofisa utumishi. Kikao chenye kumbukumbu ni vigumu kukisahau.

Barua inamalizia kwa kutaja kaka wa malipo na sharti lake, kuomba jibu ifikapo Ijumaa tarehe 26 Julai, kisha "Nakala: Ofisa Utumishi." Hiyo nakala ndiyo niliyoikosa mimi miaka ile.

Aliipeleka kwa mkono wake. Mkuu wake ni mama wa makamo, na pale ofisini kila mtu anamwita Mama.

"Shikamoo, Mama. Nina barua yako, si ya kusoma sasa hivi."

"Marahaba, mwanangu. Ya likizo?"

"Hapana, Mama. Ya saa za kazi. Ni jaribio, na lina mwisho wake."

Mama aliisoma baadaye. Jibu lilikuja tarehe 24 Julai, siku mbili kabla ya tarehe aliyoiomba. Alikubali yote, na akaongeza kwa mkono wake kwamba wiki ya kwanza isihesabiwe kwenye kipimo cha lori, kwa kuwa Alhamisi ya wiki hiyo ni Nane Nane na magari ya mikoani hubadilisha ratiba. Nyongeza hiyo ilimfurahisha dada huyu kuliko hata kukubaliwa, maana ilionyesha Mama ameisoma barua kama mtu anayekusudia kupima.

Sasa niwaambie yaliyotokea, na si yote yaliyokwenda vizuri.

Kikao cha kwanza, tarehe 29 Agosti, habari ya lori ilikuwa nzuri. Siku nyingi lilitoka kabla ya saa 1:45. Ankara za kurekebishwa hazikuongezeka. Lakini daftari la simu lilikuwa na jambo. Katika wiki hizo simu 11 za jioni hazikupata jibu siku ileile, na walipozipanga kwa siku, 8 zilikuwa za Alhamisi. Wenye maduka ya jumla wanalipa Alhamisi jioni ili mzigo wao uingie kwenye lori la Ijumaa, na wakipiga wanataka kuuliza bei kabla ya kutuma hela. Hilo ndilo kaka wa malipo alilosema si eneo lake. Laiti wangehesabu jumla tu, wangeona 11 na kusema jaribio linaumiza wateja. Kwa kuwa daftari lilikuwa na tarehe na saa, waliona kwamba tatizo lina siku yake. Wakakubaliana Alhamisi irudi kwenye saa za zamani kuanzia wiki iliyofuata, na zile siku tatu nyingine ziendelee. Hawakusubiri mwisho wa jaribio. Kazi ya kikao cha kwanza ni hiyo, kurekebisha jambo lingali changa.

Kikao cha pili kilifukua kitu ambacho dada huyu mwenyewe hakukiona. Ofisa utumishi alikuja na karatasi ya mashine ya mahudhurio. Jumatatu na Jumatano anatoka saa 10 na dakika chache. Jumanne zote nne anatoka saa 11 kasorobo au saa 11 kamili. Mama akauliza, "Mwanangu, Jumanne kuna nini?" Kulikuwa na kikao cha kitengo kinachoanza saa 9:30 alasiri, tangu enzi. Naye kwa heshima alikuwa hawezi kunyanyuka watu wakiwa wanazungumza. Kwa hiyo Jumanne alikuwa anaingia saa 1 na kutoka saa 11, saa tisa za kazi bila chakula kuhesabiwa, na mtoto anachukuliwa shuleni na jirani. Mpango wa saa nafuu ulikuwa umegeuka kuwa siku ndefu kuliko ya mwanzo, na hakuna aliyekusudia. Hili linatokea mara nyingi mno: mlango wa kuingia mapema unafunguka, wa kutoka mapema unabaki umefungwa. Kulijua ni rahisi, angalia muda wa kutoka, usiangalie muda wa kuingia. Mama alihamisha kikao cha Jumanne kuwa saa 5 asubuhi. Wengine kitengoni wakashukuru pia, nasikia.

Na katika kikao hichohicho aliitwa mtu mwingine tena, maana dada alikuwa ameomba kaka wa malipo awepo. Mama alimuuliza kama amechoka na simu za jioni. Akasema hapana, ila Jumatatu zinakuwa nyingi na yeye anakuwa hajamaliza kupatanisha hesabu za benki. Wakapanga kwamba Jumatatu bei za wiki zibandikwe karibu na simu yake, awe anazisoma tu. Karatasi moja ukutani. Lakini isingebandikwa kama mtu huyo asingeulizwa, na mtu anayebeba kazi ya mwenzake kimyakimya huwa anakuja kulipuka mwezi wa tano au wa sita, wakati kila mmoja ameshaamini kwamba mambo ni shwari.

Kikao cha tatu kilichukua dakika 15. Mama akapanda ghorofani siku ya Ijumaa, na tarehe 23 Oktoba ofisa utumishi akatoa barua. Haikusema "endelea kama ulivyokuwa." Ilisema kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 28 Oktoba 2024 saa za kazi za karani huyu kwa siku za Jumatatu, Jumanne na Jumatano ni saa 1:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni, na kwa Alhamisi na Ijumaa ni saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni. Ikasema kwamba maelezo ya ajira yake yamerekebishwa ipasavyo, kama sheria inavyomtaka mwajiri afanye pale masharti ya kazi yanapobadilika, yaani kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Nakala moja faili, nyingine kwake.

Nilipokwenda kumrudishia barua yake baada ya kuinakili, nilimkuta anaandaa hati za lori la Dodoma. Ilikuwa saa 1 na robo. Mlinzi alikuwa ameshafungua geti, na lile daftari lake lilikuwa limelazwa juu ya kiti, kalamu ikiwa katikati ya kurasa.